Sentensi ya Mama, mara 11

*"Mwalimu, ninaandika insha juu ya maisha yetu hapa Goma, kuanzia 2001 mpaka 2025. Imefika kurasa 14. Mama yangu, aliyetuacha 2018, alikuwa na sentensi yake tukitoka nyumbani: 'Funga mulango, tutarudia.' Nimeirudia mara 11 ili ishike miaka yote pamoja. Kaka yangu anasema inachosha kama tangazo la redio. Rafiki yangu anayefundisha anasema niandike 'Funga mlango, tutarudi' ili kiwe Kiswahili sahihi. Nipunguze? Niibadilishe kidogo kila mara? Niifanye kichwa cha kila sehemu? Halafu kuna jambo linanisumbua: mara ninazokumbuka kwa hakika nikimsikia akiisema ni tatu tu. Nataka kuichapisha na pia kuwasomea ndugu zangu. Sehemu ya Januari 2025 imenishinda, nikiigusa silali."*

Dada, kurasa zako nimezisoma mara mbili, kwanza kimya, kisha kwa sauti, penseli mkononi. Kaka yako ana haki ya kuchoka, ila kilichomchosha si hesabu ya 11. Kanisani tunaimba kiitikio kimoja mara nane na hakuna anayeangalia saa. Kilichomchosha ni kwamba kuanzia ukurasa wa 4 sentensi ya Mama inarudi vilevile ilivyoondoka. Imetembea miaka mitano, imerudi mikono mitupu.

Kumbuka hadithi za usiku. Karibu kila hadithi ndefu tuliyosimuliwa na bibi zetu ilikuwa na wimbo katikati. Msichana yuko peke yake nyumbani, zimwi liko njiani, naye anaimba kumwita kaka yake. Mara ya kwanza zimwi liko mbali, ng'ambo ya mto, na sisi watoto tunaitikia huku tunacheka. Mara ya pili limevuka mto. Mara ya tatu liko uani, na wimbo ni uleule, neno kwa neno, lakini sauti zetu zimepungua na kuna mtoto ameshika mkono wa dada yake. Bibi hakuugusa wimbo. Alisogeza hadithi, na wimbo ukawa na maana nyingine. Washairi wetu wanajua hivyo hivyo: kibwagizo hakibadiliki, mzigo wote uko kwenye mishororo inayokitangulia. Ubeti wa tatu ukisema yaleyale ya ubeti wa pili, kibwagizo kinakufa, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza sentensi irudi mara ngapi, chukua penseli, na pembeni ya kila mahali inapotokea andika jibu la swali hili: *msomaji anajua nini sasa ambacho mara iliyopita hakukijua?* Jibu liwe fupi na liwe kitu, lisiwe hisia. "Nyumba imeungua" ni jibu. "Uchungu umezidi" si jibu. Nimefanya hivyo kwenye nakala yangu. Katika mara zako 11, pembeni nne zimepata jibu zima, moja imepata nusu, na sita zimebaki nyeupe. Ngoja tuzipite, kwa sababu hizo nyeupe nazo hazifanani.

Mbili za kwanza ziko ukurasa wa 1. Umeiweka sentensi juu kabisa, katikati ya mstari, kama andiko la kaburini, kisha ukaanza nayo aya ya kwanza. Zote mbili zitoke. Sentensi iliyokaa juu peke yake haina mdomo unaoisema wala mkono ulioshika ufunguo. Msomaji hamjui Mama bado, haujui mlango wenyewe, anaona tu kwamba mwandishi anamwambia: kumbuka hili, ni zito. Mtu akiambiwa kitu ni kizito kabla hajakibeba, anakaa mbali nacho. Hilo pia ndilo jibu la swali lako la vichwa vya sehemu. Kichwa hakisemwi na mtu. Na uzuri wote wa sentensi hii ni kwamba ilisemwa, kwa haraka, na mtu aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Mwanzo wake wa kweli umeuficha ukurasa wa 3. Ni ile siku ya 2001 mliyokwenda harusi Sake. Umeipa mistari minne tu, labda kwa sababu siku hiyo hakuna kibaya kilichotokea. Hiyo ndiyo sababu ya kuipa ukurasa mzima. Mama kwa mdomo analizuia gari linalosubiri barabarani, wewe kwa mikono unahangaika na kadena, kufuli la mlango. Anasema "Funga mulango, tutarudia" bila kugeuza kichwa, kama mtu anavyosema "lete chumvi". Mnaenda, mnakula, mnacheza. Usiku mnarudi, umeme hakuna, Mama anafungua fundo kwenye kona ya kikwembe chake, anatoa ufunguo, anaitafuta kadena kwa vidole gizani mpaka anaipata. Haya yote nimeyatoa kwenye ile mistari yako minne na kwenye ukurasa wa 9, ulikoyatupa kama kumbukumbu ya pembeni. Yarudishe nyumbani kwao.

Unaona kinachofanyika? Mara ya kwanza, sentensi inatimia. Walisema watarudi, wakarudi. Bila kurudi huko kwa usiku wa Sake, msomaji hana ahadi mkononi, na mtu asiye na ahadi huwezi kumvunjia. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye insha za miaka mingi zinazonijia kutoka Goma na hapa kwetu Bukavu: kiitikio kinaanzia kwenye msiba. Mwandishi anakimbilia volkano au vita kwenye ukurasa wa kwanza, na kiitikio kinazaliwa kikiwa kimeshalia. Hakina pengine pa kwenda.

Hapo hapo kwenye harusi ya Sake ndipo swali la rafiki yako linapojibiwa. Yeye ana hoja ya kweli: kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, "tutarudia" maana yake tutafanya tena, tutasema tena. Kwetu ni tutarudi nyumbani. Lakini ukisanifisha unapoteza vitu viwili. Cha kwanza ni Mama. Ukiandika "mlango", mwenye kusema si mwanamke wa Goma tena, ni kitabu. Cha pili nilikigundua nikisoma kwa sauti, nikaweka penseli chini: sentensi yako inabeba maana zote mbili. Tutarudi, na tutafanya tena. Tutafunga tena, tutakimbia tena. Mama hakukusudia hivyo, wala wewe usilieleze hilo popote, usiweke tanbihi. Iache "mulango" na u yake, iache "tutarudia" na a yake, mahali pote, bila kutikisika, na masimulizi yako mwenyewe yabaki katika Kiswahili unachoandika siku zote. Msomaji wa mbali hatapotea, kwa sababu usiku wa Sake utakuwa umemwonyesha maana: walisema neno hilo, na jioni walirudi.

Mara ya pili ni Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Hapa sentensi ina haki yake yote, lakini umeiua kwa maelezo. Umeandika hivi:

*"Mbingu ilikuwa nyekundu na watu walikimbia kila upande. Mama alisema: Funga mulango, tutarudia. Maneno hayo yalikuwa ya matumaini katikati ya maangamizi, na hatukujua kwamba hayatatimia."*

Sentensi ya tatu ifute yote. Inafanya makosa mawili kwa pamoja: inamweleza msomaji ahisi nini, na inamwambia mapema kwamba nyumba itaungua. Halafu ya kwanza ni ya kila mtu. Mtu yeyote aliyekuwa Goma siku hiyo angeiandika. Wewe una vitu vyako, vimetawanyika kwenye ukurasa huo huo. Nimevikusanya tu, sijaongeza:

*"Kaka alishabeba matela ya kulalia kichwani. Nilikuwa nimefika barabarani Mama aliponirudisha. Nyuma ya uwanja wa ndege moshi ulikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye moshi. 'Funga mulango,' alisema, 'tutarudia.' Kadena ilikuwa ya moto kutokana na jua au kutokana na mikono yangu. Niliizungusha mara mbili, kama alivyotufundisha, nikampa ufunguo, akaufunga kwenye kona ya kikwembe. Kisha tukashika njia ya Gisenyi, Rwanda."*

Hakuna neno la matumaini, na msomaji anajua zaidi kuliko ninyi mlivyojua siku ile. Wengi wa wasomaji wako wanakumbuka kwamba mto wa lava ulipita kwenye uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji mpaka ziwani. Wanamwangalia msichana anafunga kwa makini mlango ambao moto unaufuata. Sentensi ni ileile ya harusi. Kilichobadilika ni nafasi ya msomaji.

Sasa mara ya tatu, siku chache baadaye, mliporudi kutoka Gisenyi na kukuta lava imeganda juu ya kiwanja. Umeandika: *"Funga mulango, tutarudia. Tulirudi, lakini mlango haukuwepo."* Najua unaipenda, na ndugu zako wataipenda pia. Naomba uitoe. Hii ndiyo pembeni pekee nyeupe ambayo imenisumbua, kwa sababu jambo jipya lipo, nyumba haipo tena. Lakini tazama: msomaji ameisikia sentensi mara mbili, mara ya pili kwa moyo kudunda, na sasa amesimama nawe juu ya mawe yanayotoa joto. Yuko tayari kuisema mwenyewe. Ukimtangulia, umemnyang'anya. Mwache Mama afanye kile ulichokiandika mistari mitatu chini yake, kwamba alifungua fundo la kikwembe, akautazama ufunguo, akaufunga tena. Basi. Kata aya hapo. Kiitikio ambacho msomaji anakisikia kichwani bila kuandikwa kina nguvu kuliko kilichoandikwa, kwa sharti moja tu: awe ameshakisikia kikiwa kizima, kwenye nafasi mbili zisizofanana. Ndiyo maana nilikung'ang'aniza na Sake.

Kutoka hapo una vitu viwili, si kimoja. Una maneno, na una ufunguo. Ulikuwa umeviweka pamoja kila mara, kama pacha waliovalishwa nguo moja. Vitenganishe. Mlipojenga upya nyumba ya mbao juu ya lava mlinunua kadena mpya, lakini Mama aliutundika ufunguo wa zamani kwenye msumari karibu na picha. Hiyo ni sentensi moja ya ukurasa wa 6, na inatosha kabisa kuvusha miaka. Kuanzia 2003 mpaka 2011 ulikuwa umetumia sentensi ya Mama mara mbili, ukiogopa uzi usikatike. Pembeni zote mbili ni nyeupe: ulikwenda shule ukafunga mlango, ulikwenda kazini ukafunga mlango. Zitoe zote mbili. Uzi haukatiki kwa kunyamaza. Miaka tisa ya amani ya kadiri inaweza kupita kwa kurasa mbili, na ufunguo ukiwa msumarini, umeshika kutu kidogo kila unapoutaja, na utaje mara mbili tu. Kwa insha ya miaka mingi hiyo ndiyo faida kubwa ya kitu kinachojirudia: kinakuruhusu kuruka. Hulazimiki kuandika "miaka ikapita", kwa sababu kutu imeshasema.

Nikuonye juu ya jambo moja hapo. Usipange marudio yaachane kwa umbali sawa. Nimehesabu kwako: kuanzia ukurasa wa 3 sentensi inakuja kila baada ya ukurasa mmoja au mmoja na nusu, na mara nyingi mwishoni mwa sehemu, kama "amina". Baada ya mara tatu msomaji ameshajua saa ya amina, anafunga macho. Iweke katikati ya aya, watu wakiwa na kazi mikononi, na aya iendelee baada yake.

Novemba 2012 ibaki, na ibaki karibu ilivyo. Waasi wa M23 wameingia mjini tarehe 20, wewe sasa una mtoto, unaondoka naye kwenda Gisenyi, na Mama anakataa kuondoka. Anabaki ndani. Anakwambia wewe uliye nje: "Funga mulango, tutarudia." Nilisimama hapo dakika nzima. Nani atarudi? Yeye yuko ndani. Umeandika maelezo ya mistari mitano kujaribu kufumbua alimaanisha nini, kama alikosea kwa mazoea, kama alijihesabu pamoja nanyi. Fupisha yabaki swali moja, lako la kweli, lile la mwisho: *"Sikumwuliza."* Pembeni nimeandika: anayesema harudi, kwa sababu haendi.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka tena, amri ya kuhama imetolewa asubuhi na barabara ya Sake imejaa. Mama hayupo tangu 2018. Wewe unamwambia binti yako: "Funga mulango, tutarudia", na unashtuka kusikia sauti ya nani imetoka. Hapa ndipo lile swali lako la kubadilisha linapopata jibu. Maneno usiyabadilishe. Badilisha mdomo. Ukibadilisha maneno kidogo kidogo kila mara, mara "tutarejea", mara "mlango ufungwe", msomaji hatajua kama ni kiitikio au ni bahati, na siku utakapobadilisha kwa kusudi hatakusikia. Mabadiliko ya maneno yahifadhi kwa mara moja tu.

Na mara hiyo unayo tayari, ingawa umesema sehemu hiyo imekushinda. Januari 2025 hamkukimbia. Risasi ziko mtaani, mko sakafuni, mbali na dirisha. Umeandika kwamba ulimwambia binti yako: "Funga mulango", na hapo chini, kwenye mstari wake, ukajilazimisha kumalizia: "tutarudia." Je, ulilisema neno hilo siku ile? Maana kwa namna ulivyoandika, mlango unafungwa kwa ndani. Hakuna anayekwenda popote, kwa hiyo hakuna wa kurudi. Ikiwa ulisema nusu, andika nusu. Nadhani ndiyo maana sehemu hiyo inakukataa: unaisukuma iwe nzima nayo siyo nzima. Msomaji aliyeisikia sentensi mara nne ikiwa kamili ataisikia iliyokatika bila wewe kumwonyesha.

Sasa lile linalokusumbua, la ukweli. Hesabu nami. Harusi ya Sake, Januari 2002, Novemba 2012: hizo ndizo tatu ulizomsikia Mama kwa hakika. Mei 2021 na Januari 2025 ni mdomo wako mwenyewe. Zilizobaki sita ndizo tunazozitoa. Imetokea vizuri kwako. Si kila insha inakuwa na bahati hiyo, kwamba kinachofaa na kilichotokea ni kitu kimoja. Lakini kanuni yake inakufaa hata kesho. Ukiandika "Mama alisema", hiyo *-li-* inaapa kwamba kuna siku, kuna saa, na wewe ulikuwepo. Usiape kwa siku usiyoikumbuka. Ukiandika "Mama alikuwa akisema", au kama tunavyosema nyumbani, *alikuwaka anasema*, unasema ilikuwa desturi, na hilo ni kweli kwako. Sentensi moja ya namna hiyo, muda mfupi baada ya Sake, inatosha kumjulisha msomaji kwamba hayo matatu si yote. Hiyo sitaihesabu kama kiitikio hata ukiyataja maneno nusu, kwa sababu haina tukio. Kosa lingekuwa kumweka Mama kwenye mlango wa mwaka 2007 kwa tarehe, akisema, kwa vile tu ukurasa wa 7 ulionekana mtupu. Kaka yako alikuwepo 2007. Akiisoma na kujua kwamba haikuwa hivyo, ataanza kuishuku na ile ya 2002.

Kuhusu kuisoma mbele ya ndugu, hapo nakubali kulegeza. Mtu anayesikiliza hawezi kurudisha jicho nyuma, anasahau, na anapenda kuitikia. Kwa kusoma kwa sauti unaweza kurudisha zile mbili za miaka ya shule na kazi, na hata kuwaachia ndugu zako wamalizie neno la mwisho, watalimalizia, utaona. Ila tengeneza nakala mbili tofauti na usizichanganye. Iliyokaa vizuri sebuleni ikipelekwa kuchapishwa ndiyo inayogeuka tangazo la redio.

Mwisho wa insha pia unahitaji uamuzi. Umeifunga na sentensi nzima ya Mama peke yake kwenye mstari. Baada ya ile nusu ya Januari 2025, kuirudisha nzima ni kuibandika gundi. Angalia badala yake aya yako ya ukurasa wa 13, ya mistari mitano, ile ambayo binti yako anamwaga kopo la maziwa ya unga akitafuta sarafu, ufunguo wa zamani unaanguka, na anauliza ni wa nini. Umemjibu: "Wa mulango." Anauliza mlango gani. Uliandika jibu refu juu ya nyumba ya zamani na lava na Gisenyi. Msomaji ameshayajua yote hayo, kurasa 12. Futa jibu refu, acha swali la mtoto liwe mstari wa mwisho. Hapo maneno na ufunguo vimekutana tena, kwa mara ya kwanza tangu 2002, na umetumia neno moja tu la sentensi.

Ukishamaliza, usijitathmini peke yako. Tafuta mtu mmoja ambaye hajaisoma na si wa familia, kaa naye ana kwa ana, msomee yote, na umwombe agonge meza kila anapohisi sentensi inakuja. Akigonga kabla ya 2002, umeitangaza mno. Akigonga pale juu ya lava, mahali ambapo haipo, umefaulu na usiguse kitu. Asipogonga kabisa pale, basi harusi ya Sake bado ni nyembamba. Rudi huko, usiongeze sentensi kwenye lava.

Na kuhusu kutolala, hilo si la uandishi, na mimi si mtu wa kulitibu. Acha Januari 2025 kando kwa sasa. Hakuna kinachoharibika, sehemu nyingine zote zinaweza kumalizwa bila hiyo. Ikiwa usingizi haurudi baada ya wiki mbili, au unaziona siku zile mchana ukiwa macho, au unashtuka kwa kila mlango unaogongwa, nenda hospitali au kituo cha afya kilicho karibu uulize mwanasaikolojia au muuguzi anayewasikiliza watu waliopita kwenye vita, na uende na dada au rafiki. Usingoje insha iishe kwanza. Utakaporudi kwenye sehemu hiyo, iandike mchana, nusu saa tu, na mtu mwingine akiwa nyumbani.

Ukurasa wa harusi ukiwa tayari, nitumie huo peke yake. Nataka kuona Mama anavyoitafuta kadena gizani.